Ukurasa Mmoja, Nyumba Arobaini na Tatu

Mume wangu Mutunga hakuwahi kuandika barua fupi maishani mwake. Hata ile aliyoniandikia ya kuniposa ilikuwa na kurasa tano, na mimi sikujua kusoma. Nilimpelekea mwalimu wa misheni anisomee. Alipofika ukurasa wa tatu aliniangalia juu ya miwani akaniuliza, "Ndinda, huyu mtu anataka mke au anataka kazi?" Nikamwambia asome tu, mwisho tutajua. Mwisho haukusema. Ilibidi baba yangu atume mtu mpaka Kilungu kwenda kumuuliza.

Taipu alijifunza jeshini, wakati wa vita ya Hitla. Wenzake walipelekwa Burma wakarudi na makovu. Yeye alikaa Nairobi kwenye kambi akipiga taipu barua za wakubwa, akarudi na mashine moja nyeusi iliyovunjika mguu wa nyuma. Tuliiegemeza kwa jiwe. Aliiweka kwenye kibaraza pale soko la Nunguni, akavaa kizibao na tai, jua liwake lisiwake, na watu wakamwita Karani. Mimi nilikaa kando yake na sufuria yangu ya chai. Watu walikuwa wakija na shida zao, yeye anaandika, mimi nawapa chai. Alilipwa kuku. Kuku mmoja kwa barua nzima, iwe na kurasa mbili au kumi, kwa hivyo usije ukasema alirefusha kwa tamaa. Alirefusha kwa mapenzi.

Chini ya kitanda chetu kulikuwa na sanduku la bati, nalo alitoka nalo jeshini. Lilikuwa na kufuli. Kila asubuhi nilifagia nikilizunguka. Mwanamke mwenye akili hafungui sanduku la mumewe, anajua tu linavyozidi kuwa zito.

Sasa, jirani yetu wa upande wa chini alikuwa Kavata, mjane, mama mzima aliyenizidi miaka ishirini. Alikuwa na ng'ombe wawili wa kulima, Sajini na Koplo. Mwaka wa arobaini na saba watu wa mifugo walikuja, wakamsikia Sajini akikohoa, wakasema ana homa ya mapafu, wakamchukua kwenda karantini bondeni. Siku kumi na nne, walisema, naye akakaa kungoja arudishwe. Hiki kisa changu ni cha mwaka wa hamsini na sita. Hesabu mwenyewe. Koplo alibaki peke yake, na nira ni ya shingo mbili, mmoja halimi. Miaka tisa Kavata alilima lile shamba la mteremko kwa jembe la mkono, na Koplo amesimama pembeni anamwangalia.

Karani alimwandikia barua kumi na moja. Moja niliisikia ikisomwa. Ilianza na jinsi Mungu alivyoumba vilima vya Ukambani, ikaja kwa nyanya yake Kavata, ikaeleza nyasi alizokula Sajini alipokuwa ndama. Tulikunywa chai mara mbili kabla Sajini hajaanza kukohoa. Kavata alilia kwa uzuri wa ile barua. Kila mvua zikikaribia alikuja kibarazani akauliza, "Karani, wamejibu?" Naye Mutunga alikuwa akirekebisha tai yake akisema, "Mwaitu, mama yetu, serikali ni kubwa, tuwe na subira."

Haya. Jumamosi moja, siku ya soko, akashuka kwenye basi Jonah, mtoto wa dada yake Mutunga. Kijana wa miaka ishirini na mbili, amekonda, macho mekundu. Huyu Jonah alikuwa akifyeka vichaka kule Makueni, kazi ya kufukuza mbung'o, mpaka gari la sinema la serikali likapita, wakataka mtu wa kubeba vyuma. Akabeba vyuma vizuri. Baadaye wakamchukua Nairobi kwenye darasa la kufundisha Waafrika kutengeneza sinema. Walikuwa tisa.

"Mjomba," akasema hata kabla hajakaa, "niazime taipu yako. Jumatatu saa sita mchana lazima karatasi iwe juu ya meza ya mwalimu. Wanaobaki ni sita tu. Asiye na karatasi anarudi alikotoka."

"Makueni?" nikamuuliza.

"Makueni, mama. Kwa panga."

Alionyesha mikono. Malengelenge yalikuwa yamekauka lakini alama zilikuwapo. Nilimhurumia sana, haki ya Mungu. Nilimpa chai na maziwa mengi.

"Karatasi ngapi?" Mutunga akauliza, amekwisha nyoosha vidole.

"Moja."

"Moja ya namna gani?"

"Ukurasa mmoja, Mjomba. Upande mmoja."

Mume wangu alimwangalia kama mtu aliyeambiwa apike kwa punje moja ya mahindi.

Jonah akaeleza, na nakueleza alivyoeleza, maana tuliyasikia hayo maneno siku mbili mpaka nikayaota. Juu kabisa ya ukurasa unaandika sentensi moja: ni nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Moja tu. Mtu akiisoma asimame pale pale aone sinema kichwani. Chini yake unaandika muhtasari wa kisa chote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na mwisho usifiche, kwa sababu mwalimu si mtazamaji wa kutegwa, anataka kujua kama unajua unakokwenda. Andika kama mambo yanatendeka sasa hivi mbele ya macho. Usiandike anawaza, usiandike anakumbuka, kwa sababu kamera haioni mawazo. Na ile kamera yao haikuwa ya kunasa sauti, kwa hivyo usitegemee maneno. Mikanda mitatu tu, kila mmoja haufiki dakika tatu, basi watu wawe wachache.

"Na kisa chako ni kipi?" nikamuuliza.

Akainama. "Sina. Nimekaa Ijumaa yote na karatasi tupu. Ndiyo nikaona nije nyumbani, nyumbani hakukosi kisa."

Ngai! Ukisema sentensi kama hiyo siku ya soko Nunguni, umejichimbia kaburi.

Kulikuwa na watu labda kumi kibarazani wakisubiri barua zao, na mbele yao Ndolo, hedimani wetu, mkono wa chifu hapa kijijini, ambaye alikuwa na masikio ya sungura na tumbo la mtungi. Ndolo akauliza pole pole, "Hiyo karatasi inakwenda Nairobi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kisha inaonyeshwa kwenye kile kitambaa cheupe?"

"Ikikubaliwa."

Ndolo akavua kofia. Nilijua tumekwisha.

Lazima uelewe. Gari la sinema lilikuja kwetu mara mbili. Mara ya kwanza kitambaani tuliona mtu mmoja anachimba choo, na mwenzake aliyekataa kuchimba anaharisha anakufa. Haukupita mwezi, amri ikashuka: kila boma lichimbe choo. Mara ya pili tuliona watu wanachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mmoja mvivu shamba lake linasombwa na maji. Mwezi haujaisha, amri: kila Jumatano wote mlimani, matuta. Sasa wewe mtu mwenye akili timamu ungefikiri nini? Watu wa Kilungu walifikiri hivyo hivyo. Linaloonekana kitambaani ndilo serikali imeamua. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, kitambaa kinakuja kutuuliza sisi.

Kabla ya adhuhuri soko lilikuwa limefungwa na watu wote walikuwa kibarazani kwangu. Huyu anataka kitambaani aonekane Jumatano amelala. Yule anataka barabara ipite kwake, isipite kwa shemeji yake. Mzee mmoja alitaka aonekane tu ana meno. Ndolo alitaka mabati, na aonekane akipanda juu ya paa lake mwenyewe bila mtu kumshikia ngazi.

Jonah akapiga kelele, "Mtu mmoja! Sinema ni ya mtu mmoja!"

Hapo ndipo Ndolo akasema neno lililoniponza mimi. "Jambo la wote si la mtu mmoja. Hii ni mwethya."

Kama hujui, mwethya ndiyo kazi yetu ya kusaidiana, kama kulima kwa mtu au kumjengea nyumba. Kila boma linatoa mkono. Hakuna anayeachwa, na hakuna anayezidi mwenzake. Na mwenye kazi ndiye anayelisha. Mwenye kazi alikuwa Jonah, Jonah hana nyumba, nyumba ya mjomba wake ni yangu. Kwa hivyo Jumapili asubuhi, badala ya kwenda kanisani, nilitwanga mahindi ya muthokoi ya nyumba arobaini na tatu, kwa ajili ya ukurasa mmoja. Mungu awasamehe, mimi bado.

Walikuja wote. Walikaa uani kwa mistari kama wanavyokaa mlimani, na kila boma likatoa sentensi moja, sawa kwa sawa, asizidi mtu. Mutunga alikuwa amekaa mbele na taipu yake, tai imekazwa, uso unang'aa. Sijawahi kumwona na raha namna ile, hata siku ya harusi. Saa tano alikuwa kwenye ukurasa wa tisa. Mtu wa kwanza kwenye kisa alikuwa amekwisha pata choo, mabati, meno na barabara, na bado hakuwa na jina.

Jonah aliichukua akasoma. "Mjomba, hiki ni nini?"

"Ni utangulizi," akasema Mutunga.

Yule kijana alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa anaangalia mikono yake. Basi la Nairobi lilikuwa likiondoka Nunguni Jumatatu jogoo la kwanza, na lingine mpaka Jumanne. Nilipomwona vile hasira zikanipanda, nikaacha mwiko kwenye sufuria.

"Nyamazeni nyote!" nikasema. "Mnakula chakula changu, basi mtanijibu. Mtoto ameuliza vitu vitatu tu. Nani, anataka nini, nini kinamzuia. Wewe Ndolo, unataka mabati. Nini kinakuzuia?"

"Serikali," akasema Ndolo.

"Wewe?"

"Serikali."

Mstari mzima, serikali. Jonah akainua kichwa. "Kamera itaonaje serikali? Lazima awe mtu. Mtu mwenye uso, aliyesimama njiani. Nani atakuwa yule mbaya?"

Hapo kila mtu uani akainamia muthokoi wake. Kwa sababu kila mmoja alikumbuka. Yule aliyekataa choo alikufa. Yule mvivu wa matuta alisombwa shamba. Nani atajitia ubaya kitambaani, halafu amri ishuke? Ndolo alisema yeye ni hedimani, sheria hairuhusu. Yule mzee wa meno alisema hana meno, na mbaya lazima awe na meno. Mmoja akapendekeza mbwa. Wakajadili mbwa kwa saa nzima, mpaka wakaulizana ni mbwa wa nani, na wenye mbwa wakasimama kuondoka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Jonah alianza kufunga mfuko wake taratibu. "Nitachukua panga la zamani," aliniambia, "lipo bado kwa mama?"

Nikageuka nisimwangalie. Ndipo nikamwona Kavata, mwisho kabisa wa mstari, hajasema kitu tangu asubuhi. Nikamwambia, "Mwaitu, wewe sentensi yako ni ipi?"

Akasimama. "Mimi nataka ng'ombe wangu," akasema. Akakaa.

Jonah aliacha kufunga mfuko. Alirudia kwa sauti ya chini, "Mjane anataka ng'ombe wake." Alihesabu maneno kwa vidole. Kisha akasogea mpaka mbele yake, akachuchumaa. "Na nini kinakuzuia, nyanya?"

"Sijui, mwanangu. Karani ameandika mara kumi na moja. Hawajibu."

"Kwa nini hawajibu?"

Kavata akamgeukia mume wangu, bila ubaya wowote, alivyokuwa akimgeukia kila mwaka. "Karani ndiye anayejua."

Watu wote arobaini na tatu, na wake zao, na watoto, wakamwangalia Mutunga. Alishika tai yake. Nilingoja aseme serikali ni kubwa. Hakusema. Alisimama, akaingia ndani, na nilisikia bati likikwaruza sakafu chini ya kitanda. Nilirudi kwenye sufuria nikakoroga muthokoi uliokwisha iva, nakuambia ukweli.

Alitoka na sanduku, akaliweka mbele ya Kavata, akafungua kufuli. Ndani zilikuwa barua zake, zote kumi na moja, kurasa zake zote nzuri, na juu ya kila moja kimebanwa kikaratasi kidogo cha ofisi. Jonah akachukua kimoja akasoma. Akachukua kingine. Kingine.

"Soma kwa sauti," akasema Mutunga.

"Zote zinasema hivi: Barua hii ni ndefu mno. Inarudishwa. Tafadhali andika kwa ufupi, nani anaandika na anataka nini."

Mzee wa meno ndiye aliyecheka kwanza. Kisha Ndolo. Kisha uani wote, watu wanashikana mabega, wengine wamelala kabisa kwenye vumbi, na haki mimi pia kicheko kilinishika kwa ubaya wa ile hali. Waliokuwa hawacheki ni Jonah na Kavata na mume wangu.

"Niliona wamenitukana," Mutunga akamwambia Kavata. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaandika ndefu zaidi ili wajue mimi ni nani. Kisha nikaona haya kukuambia. Kila mwaka haya iliongezeka. Jonah, mbaya wako ni mimi. Andika."

"Mjomba, watu wanasema anayeonekana mbaya..."

"Nimesikia wanavyosema. Ninaamini kama wao. Andika."

Jua lilikuwa bado kidogo. Jonah alianza kusema na Mutunga alipiga taipu mwenyewe, kwa vidole vyake, na sentensi ya juu ilikuwa hii, naijua kwa moyo mpaka leo:

*Mwandishi wa barua wa sokoni anataka kumrudishia mjane ng'ombe wake wa kulima, lakini ni lazima kwanza amwonyeshe majibu aliyomficha miaka tisa kwa kiburi.*

Chini yake wakaweka mambo ya kuonekana. Mwandishi anapiga taipu kibarazani, karatasi zinarundikana. Mjane analima kwa jembe, ng'ombe mmoja amesimama pembeni. Tarishi analeta bahasha, mwandishi anaitia sandukuni, mjane anakuja anarudi mikono mitupu. Mvua inapita, mvua nyingine. Bahasha zinajaa mpaka kifuniko hakifungi. Mwandishi anabeba sanduku kichwani mpaka shambani, analifungua.

"Halafu?" akauliza Jonah. "Mwisho. Mwisho ni lazima."

Mutunga akaacha vidole hewani. Barua zake hazikuwahi kuwa na mwisho, zilikuwa na "mtumishi wako mtiifu" tu. Nafasi iliyobaki kwenye ule ukurasa ilikuwa mistari mitano.

"Ng'ombe anarudi," wakasema watu. "Weka arudi! Ikiwa kitambaani watamrudisha!"

"Hapana," Jonah akasema. "Mwalimu ataniuliza amerudije. Hawezi kuanguka kutoka mbinguni. Lazima mwisho utoke kwa hawa wawili. Mjane anafanya nini?"

Wote wakamgeukia Kavata. Alikuwa ameshika zile karatasi mapajani, amezipanga vizuri kama vitambaa. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anapima. Akamwangalia mume wangu tangu kiatu mpaka shingo, hasa shingo.

"Miaka tisa Koplo amekosa mwenzake," akasema. "Mvua ni wiki ijayo. Karani atalima na Koplo."

Hakuna aliyecheka mara hii. Ndolo alikohoa akasema labda wazee wakae shauri. Kavata akasema wazee wameshiba muthokoi, waende wakalale. Mutunga alimwangalia, akavuta pumzi, na vidole vikashuka: *Mjane analeta nira. Mwandishi, na tai yake shingoni, anainama anaingia upande ulio wazi, kando ya ng'ombe. Wanalima.*

Mistari miwili ikabaki mitupu. Mume wangu aliiangalia sana. Hakuijaza.

Jonah alipanda basi na ule ukurasa ndani ya shati. Basi lilipata pancha njiani, pale Salama, akapanda lori la makaa, akafika kwa mwalimu saa sita kasoro dakika saba, mweusi kama sufuria yangu. Mwalimu alisoma sentensi ya juu, akasoma muhtasari, akauliza swali moja tu: huyu mwandishi utampata wapi, mtu wa kukubali kufungwa nira? Jonah akasema, "Ni mjomba wangu, bwana, amekwisha anza."

Na kweli alikuwa amekwisha anza. Kamera ilikuja mvua ya kwanza imekwisha nyesha. Koplo alikuwa mzee mpole, alimnusa Mutunga, akaona si Sajini, akavumilia. Kavata alishika plau. Mtoto wa Ndolo aliongoza mbele. Mume wangu alivuta mistari miwili akalala kifudifudi, Jonah akapiga picha, na mkanda ulipoisha yeye akainuka akavuta wa tatu. Nilisimama ukingoni nikimtukana Kavata moyoni, nikimtukana Mutunga, nikitukana taipu. Nilimpelekea uji akanywa akiwa bado ndani ya nira.

Barua ya kumi na mbili aliiandika Jumatatu ile ile. *Mimi, Kavata, nataka ng'ombe wangu mwekundu aliyechukuliwa karantini Machi 1947.* Basi. Jibu lilikuja kwa siku kumi na sita. Alimsomea mwenyewe, kibarazani, amevua kofia. Sajini alipona siku ya kumi na nne. Walimngoja mwenye ng'ombe mwezi mzima, hakuna aliyekuja kumchukua, akauzwa mnadani. Kavata alisema, "Kumbe alipona." Akashukuru, akaenda zake nyumbani.

Jonah alibaki darasani. Kitambaa kilikuja Nunguni mwaka uliofuata na watu walimwona Karani kwenye nira wakacheka mpaka wakalia, kisha wakaanza kuogopa. Ndolo aliuliza watu wa gari, kwa heshima, amri ya kuwafunga makarani nira itaanza lini, maana katika lokesheni yetu yuko mmoja tu na amekwisha fungwa, labda wahesabu hivyo. Wale wa gari hawakuelewa. Amri haikuja mpaka leo. Kuna wazee bado wanaingoja.

Lakini Mutunga hakungoja amri. Kila mvua, wiki ya kwanza, alivaa kizibao chake akashuka kwa Kavata, akainama akaingia kando ya Koplo, watu wakaja kumwona kama wanavyokwenda kuona treni. Barua zake zikawa fupi. Watu walilalamika kwamba kuku mmoja kwa mstari mmoja ni wizi.

Mwaka wa hamsini na tisa, kabla ya mvua za masika, Koplo alikufa kwa uzee. Nilisikia nikiwa nachota maji. Siku ya kulima ilipofika, Mutunga alivaa tai kama kawaida akashuka. Nilimwona kutoka juu, nikirudi na mtungi wangu wa maji, amesimama shambani ameshika nira ya shingo mbili, Kavata nyuma yake na plau, na wote wawili hawajui waanzie wapi.

Nimekuambia mwanamke mwenye akili hafungui sanduku la mumewe. Sikulifungua. Lakini katika ile miaka tisa, tarishi alipokuja Mutunga akiwa safarini, bahasha nilipokea mimi, mara tano au sita, na bahasha ya serikali hata asiyejua kusoma anaijua kwa mhuri wake. Nilimpa mume wangu mkononi. Kesho yake nilikuwa nikimmiminia Kavata chai, nikimsikia akiuliza kama wamejibu, na nilikuwa nikimwongezea sukari.

Niliweka mtungi chini, nikavua viatu, nikashuka. Kavata aliniona ninavyokuja, akaniangalia usoni, na sikuhitaji kumwambia kitu. Akashusha ule upande mwingine wa nira ili nifike, maana mimi ni mfupi.